Saa Moja na Dakika Arobaini za Mama Mkwe

Nimeficha mambo machache maishani mwangu, lakini mwili wangu mzima niliuficha mara moja tu, ndani ya kichumba cha mita za stima, na wakati huo nilikuwa mwanamume mwenye mke na mtoto. Asiye na mama mkwe na acheke. Aliye naye ataniuliza tu kama kichumba kilikuwa na nafasi ya watu wawili.

Nilikuwa mwangalizi wa jengo la fleti huko Kilimani, orofa saba. Kwangu kulikuwa Silanga, karibu na bwawa, na kila asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu. Kazi yenyewe ilikuwa kuzima taa za ngazi zilizolala zikiwaka, kupokea barua, kugombana na watoto wanaochora kuta kwa makaa, na kuchunga lifti. Lifti ilikuwa moja. Kila orofa ilikuwa na mlango mzito wa kuvuta kwa mkono, wenye kidirisha chembamba cha kioo, na ndani ya lifti yenyewe kulikuwa na geti la chuma la kukunja. Ajenti wa jengo aliponiajiri alinipa daftari gumu la kuandikia matukio, akanipa na amri. Lifti ikikwama na mtu ndani, piga simu kwa kampuni ya lifti, andika saa, kaa karibu na mtu huyo umtulize, na usiguse kitu. Hilo la kutogusa kitu alilirudia mara mbili, kana kwamba aliona vidole vyangu vina shida.

Sasa nieleze na upande wa pili, ndipo mambo yaeleweke. Sisi watu wa magharibi mwa nchi, mama mkwe hatumchezei. Humpi mkono. Huketi naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayetafuta kichaka. Na jina lake hulitamki hata ukifinywa, utalitamkaje na yeye ndiye aliyekuzalia mke? Mimi sikuona ugumu wowote, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa nyumbani kijijini na mimi nilikuwa Nairobi, na kati yetu palikuwa na safari ya usiku kucha. Heshima ya mbali ni rahisi sana.

Halafu mke wangu akajifungua, na mama mkwe akaja kumwona mjukuu. Kwangu hakuweza kulala, chumba ni kimoja. Akafikia Kawangware, pale Kabiro, kwa mwanawe wa kiume, na mke wangu akawa anampelekea mtoto huko jioni. Mpango ulikuwa mzuri. Wiki nzima nilipita mjini nikipiga mluzi.

Mke wangu alikuwa akifua nguo za wapangaji wa orofa ya tano kila Jumanne. Jumanne hiyo hakuja, kwa sababu mtoto alikuwa na zamu ya kliniki. Mama yake hakuambiwa. Yeye alijua tu kwamba Jumanne binti yake yuko kwenye lile jengo, orofa ya tano, na kwamba mwanamke anayenyonyesha hapaswi kufua nguo za watu kwa tumbo la chai. Kwa hiyo kama saa nne asubuhi hivi nikainua macho kutoka kwenye daftari langu, na nani huyo anaingia getini? Mama mkwe, kitambaa kichwani, kikapu mkono mmoja, na jogoo mwekundu chini ya kwapa.

Haki ya Mungu, sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Mlango wa kichumba cha mita ulikuwa hatua mbili kutoka mezani kwangu, ubavuni mwa lifti, nikajitumbukiza humo nikauvuta mlango. Kipimo cha stima kikawa kinanizungukia sikioni. Nikajiambia atauliza mtu mwingine, ataambiwa binti yake hayupo, ataondoka, na mimi nitatoka nikiwa mkwe mwenye adabu zake.

Lakini aliyemkuta pale chini alikuwa karani mstaafu wa orofa ya nne, akirudi na gazeti lake. Mzee huyo alipenda kusaidia watu, na msaada wake ulikuwa mwingi kuliko haja ya watu. Nilimsikia akisema, "Orofa ya tano? Karibu mama, twende wote, usipande ngazi na huyo jogoo." Mlango ukafungwa, geti likalia, lifti ikapanda.

Nikatoka kichumbani nikitoka jasho. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama amefika tano, ili nijue nina dakika ngapi za kutoroka hadi nyuma ya jengo kwenye mapipa. Nikaenda kwenye mlango wa lifti wa chini, nikabandika jicho kwenye kile kidirisha, nikaushika mkono wa mlango nikaning'inia ili nione juu vizuri. Nikasikia lifti imesimama, mlango wa orofa ya nne ukafunguka na kufungwa. Huyo ni karani ameshuka. Lifti ikaanza tena, nami nikaning'inia zaidi. Halafu, tak! Kimya.

Nikasubiri mlango wa tano ulie. Haukulia. Badala yake, kutoka juu huko gizani kwenye shimo la lifti, jogoo akawika.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Orofa ya nne nilimkuta karani ameweka sikio kwenye mlango. "Imekwama katikati," akasema, "hapa na tano. Yule mama yumo peke yake." Kutoka ndani tulisikia viganja vikipiga chuma, na sauti ya mama mkwe, nzima kabisa, yenye hasira nzuri tu, ikiuliza Nairobi hii ni mji gani unaofungia watu kabatini.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo nimwambie atulie, usaidizi unakuja. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Badala yake nilimwambia karani kwa kunong'ona, "Mzee, mwambie mafundi wanapigiwa simu." Karani akaniangalia. "Mwambie mwenyewe, una koo." Nikamwambia, "Ni mama mkwe wangu." Na yeye, mtu wa pwani ambaye kwao mkwe ni wa kukumbatiwa, akasema, "Basi vizuri, mnafahamiana!"

Niliteremka kupiga simu.

Kampuni ya lifti ilikuwa na dada mmoja wa kupokea ripoti, sauti kali, maswali kwa mpangilio. Jengo gani. Imekwama wapi. Tangu saa ngapi. Watu wangapi ndani. Nilijibu yote bila kosa: kati ya nne na tano, tangu saa nne na dakika kumi, mtu mmoja, mwanamke, mtu mzima, taa ya ndani inawaka, anaongea. Nikaona aibu imenipita. Halafu akauliza, "Jina lake?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Humjui?"

"Namjua."

"Basi jina."

"Dada, hilo siwezi kulitaja."

"Wewe umelewa saa hizi?"

"Sijalewa. Jina ninalijua, lakini mdomo wangu haulitaji."

Nikasikia kalamu ikigonga meza upande wa pili, nami nikajua anatafuta nambari ya polisi. Kumbe anafikiri. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imelainika kabisa. "Kwenu ni upande gani, ndugu yangu?" Nikamwambia. "Ni mama mkwe?" Nikamwambia ni yeye. Wee! Dada yule alicheka hadi nikaweka simu mbali na sikio. Akaniambia yeye pia ni wa huko, na kaka yake mmoja aliwahi kuruka ua la michongoma kwa sababu hiyo hiyo. "Naandika 'Mama'," akasema. "Kukiwa na mtu ndani tunaacha kazi nyingine zote. Mafundi wako mjini, nawatafuta. Usimruhusu mtu kufungua mlango wowote. Umesikia? Mtu aliye ndani ya lifti iliyokwama yuko salama. Hatari ni kutoka."

Nikaandika kwenye daftari: imeripotiwa saa nne na dakika ishirini.

Wakati huo mama mboga wetu alikuwa ameingia na kikapu chake. Yeye naye alikuwa wa Silanga, shamba lake la sukuma wiki liko kando ya bwawa, mwanamke wa upande wa ziwa mwenye ulimi wa kukata kamba. Nilimwangukia. Nikamwomba apande nami awe mdomo wangu. Akatua kikapu. "Yaani kazi yako ni kuongea na watu, na leo unakodisha mdomo?" Lakini alipanda, Mungu ambariki, na kwenye kila orofa alisimama kupumua na kunicheka.

Kwa nusu saa mambo yalikwenda vizuri. Mimi nilikaa kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, nikisema maneno kwa sauti ya chini, na mama mboga akiyapaza. Anasema mafundi wanakuja. Anasema hewa inaingia, usiogope. Anasema kaa chini kwenye sakafu upumzike. Kutoka ndani majibu yalirudi, lakini hayakuelekezwa kwa mama mboga. Mama mkwe alikuwa amejua fika nani yuko kwenye ngazi, na alikuwa amejipatia tarishi wake.

"Jogoo," tulimsikia akisema, "muulize huyo mtu binti yangu yuko wapi."

Nikamnong'oneza mama mboga. Mama mboga akapaza, "Jogoo, mwambie mama binti yake yuko kliniki na mtoto!"

"Jogoo, muulize kwa nini mimi sikuambiwa."

"Jogoo, mwambie hata huyo mtu hajui!"

"Jogoo, mwambie hilo si jibu la mtu mzima."

Karani alikuwa ameshikilia mbavu. Hata mimi nilianza kucheka, kicheko cha mtu anayelia ndani, kwa sababu chini ya ule utani nilisikia sauti ya mama mkwe ikianza kukonda. Alikuwa akisema maneno machache kila mara. Aliuliza kama kamba inaweza kukatika. Nikajibu kwamba haiwezi, kamba ni nyingi na kila moja ni ya chuma. Akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa inakaribia saa tano. Akaomba maji, na hatukuwa na njia ya kumpa.

Nami nikaamua kushuka nipige simu tena, niulize mafundi wako wapi. Hilo ndilo kosa langu la pili siku hiyo, la kumwacha. Dada wa simu akaniambia wamepatikana, wako njiani, nimpe dakika ishirini na tano. Nikaweka simu chini, nikasikia mama mboga akipiga kelele kutoka juu, na hazikuwa kelele za utani.

Sijui nilipandaje zile orofa nne. Nilipofika, karani alikuwa na mtaimbo mkononi na mlango wa orofa ya nne ulikuwa wazi. Alikuwa amemwonea huruma mama kwa kiu yake, akaukongoa. Ndani ya uwazi ule, sehemu ya juu ilikuwa lifti, sakafu yake ikiwa usawa wa kifua changu. Sehemu ya chini haikuwa kitu. Ilikuwa shimo, giza tupu, orofa nne hadi zege. Na mama mkwe alikuwa amefungua lile geti la ndani, ameketi ukingoni mwa sakafu, miguu yake miwili inaning'inia mbele ya hilo shimo, anajisogeza ashuke. Karani alikuwa amemnyooshea mikono akisema, "Ruka mama, nitakudaka!"

Mtu akishuka hivyo hafiki kwenye sakafu ya nje. Miguu inakwenda mbele, mwili unarudi nyuma, na nyuma ndipo penye shimo. Ajenti alinieleza hilo siku ya kwanza, na nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoiona ile miguu.

Miguu ya mama mkwe! Kwetu hata nyayo zake unazikwepa. Nami nilisimama nikaitazama, magoti na yote, na kutoka kwenye kifua changu ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mama! Rudisha miguu! Rudi ndani ukae chini! Usithubutu kusogea!"

Karani alirudi nyuma hadi ukutani. Mama mkwe aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, na mimi nikamwangalia, na wote wawili tukaogopa. Kisha akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akajisukuma nyuma kwa makalio mpaka pembeni kabisa mwa lifti, akampakata jogoo.

"Funga geti, mama," nikasema. Akafunga.

Nikausukuma ule mlango wa nje, lakini karani alikuwa ameukongoa vibaya na haukufungika sawasawa. Nikaketi chini, nikaegemeza mgongo wangu juu yake ili mtu yeyote asipite. Mama mboga alikaa karibu nami. Halafu akasema polepole, "Yaye! Umemgombeza mkweo."

Nilijua. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Nilifurahi kwamba yuko hai, na nilijua nimekwisha. Kumpigia mama mkwe kelele si jambo linaloisha kwa pole. Huenda likapelekwa nyumbani, wazee waketi, binti aambiwe arudi kwao na mtoto wake mpaka mambo yasafishwe. Nilimwona mke wangu akifunga vitu vyetu vichache kwenye shuka. Toka siku ile siwezi kusikia watu wakisema heshima si utumwa bila kujiuliza kama msemaji amewahi kukaa nilipokaa mimi.

Ndani ya lifti, jogoo hakupewa ujumbe wowote.

Mafundi walifika saa tano na dakika ishirini na tano, wawili, ovaroli za buluu. Mkubwa wao alipoona mlango uliokongolewa aliuliza mtaimbo ni wa nani, na karani akaangalia dari. Fundi akapanda hadi tano akaongea na mama kupitia mlango wa juu: asimame katikati, asishike geti, lifti itasogea polepole na yeye asiogope. Mwenzake alikuwa ameshapanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa, akazima swichi kubwa. Niliambiwa nibaki palepale na mgongo wangu, nisiruhusu mtu.

Baadaye fundi alinieleza walivyofanya. Mmoja anabana wenzo wa breki, mwingine anazungusha gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, huku akitazama alama za rangi kwenye kamba zinazoonyesha lifti iko orofa gani. Nilidhani wangemteremsha hadi nne, ndiyo karibu. Akacheka. Lifti yenye mtu mmoja ni nyepesi kuliko uzito unaoning'inia upande wa pili, kwa hiyo breki ikiachiliwa inataka kupanda yenyewe, na kazi yao ilikuwa ni kuizuia isikimbie. Niliisikia nyuma ya mgongo wangu ikinyanyuka, ikilia kama kitanda cha kamba. Kisha mlango wa tano ukafunguliwa kwa ufunguo, na mama mboga, aliyekuwa amekimbilia huko, akapiga vigelegele ambavyo vilisikika hadi barabarani.

Saa sita kasoro dakika kumi. Saa moja na dakika arobaini kamili.

Mama mkwe alikataa kabisa kushuka kwa lifti, hata ikiwa nzima. Alikuja kwa ngazi, nami nikakimbia mbele yake nikae mezani kwangu kabla hajafika. Mama mboga akampa maji vikombe vitatu, akamketisha kwenye benchi nyuma ya nguzo, upande ambao mimi simwoni. Adabu ilikuwa imerudi mahali pake, kama vile mtu anavyorudisha sufuria iliyokwisha kuvunjika mpini.

Fundi mkubwa alikuwa ameanza kukagua milango mmoja mmoja. Alipofika wa chini alichuchumaa muda mrefu, akanionyesha kisahani cha shaba ndani ya kufuli la mlango. Kilikuwa kimechakaa, na sasa kilikuwa kimepinda. Lifti haiendi mpaka milango yote iwe imefungwa, akasema, na kisahani kile ndicho kinachoiambia kwamba huu wa chini umefungwa. "Mtu akiuvuta mlango lifti ikiwa safarini, inasimama hapo hapo. Hiki kikapinda, hakikurudi. Nani alivuta mlango huu asubuhi?"

Ningeweza kusema watoto. Watoto walikuwa wengi pale na hakuna hata mmoja aliyekuwepo kujitetea. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshajificha vya kutosha kwa siku moja. Nikamwambia ni mimi, nilining'inia hapo nikichungulia juu. Akauliza nilikuwa nachungulia nini. Nikamweleza yote, kichumba cha mita na mapipa ya nyuma, huku nikijua kwamba nyuma ya ile nguzo kuna masikio mawili makini. Fundi alinisikiliza uso mkavu. Mwenzake ikambidi atoke nje kucheka.

"Haya," fundi akasema, "tuandike." Akatoa kadi yake ya kazi, mimi nikafungua daftari langu, na tukajaza pamoja. Saa ya kukwama. Saa ya kuripotiwa. Saa ya kufika. Saa ya kutolewa. Chanzo: kufuli la mlango wa chini, lilivutwa na mwangalizi. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu. Kwenye jina kalamu ikasimama. Fundi akasubiri, halafu akauliza kwa sauti upande wa nguzo, na mama mkwe akalitamka mwenyewe, majina yake yote matatu, polepole kama anayesajiliwa kupiga kura. Mimi niliziba masikio nikatazama ukuta mpaka akamaliza, na fundi ndiye aliyeyaandika kwenye daftari langu.

Ikabaki mstari mmoja.

"Idadi ya watu walioathirika," fundi akasoma.

"Mmoja," nikasema.

"Wawili," ikasema sauti nyuma ya nguzo.

Fundi akageuka. "Mama, mlikuwa wawili ndani?"

"Ndani nilikuwa mimi na kuku." Hakuwa anamwambia jogoo tena. Alikuwa ameinua sauti ili ifike mezani, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. "Lakini mlangoni alikaa mtoto wangu. Aliniita nirudi nikarudi, la sivyo saa hii mngekuwa mnaniokota. Halafu akakaa pale akalia kama aliyefiwa, na mimi nilikuwa namsikia. Muandike."

Fundi aliniangalia, kalamu mkononi. Akaandika wawili, akanisogezea daftari nitie sahihi.